Pochi ya Kituo cha Rangi Tatu

Tafakari ya juma hili ni hadithi kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili ndio watakaowasomea, kwa hiyo kabla sijaanza nina neno na ninyi wakubwa.

Hadithi ya pochi iliyookotwa watoto wetu wameshaisikia mara nyingi. Mtoto anaokota, anarudisha siku hiyo hiyo, mwenye pochi anatoa machozi ya furaha, kisha anachomoa noti ya elfu kumi na kumpa. Nina ugomvi na hadithi hiyo. Mtoto wa miaka kumi anajua kupiga hesabu, na hesabu anayotoka nayo pale ni kwamba uaminifu unalipa elfu kumi. Siku atakayorudisha kitu na kuondoka mikono mitupu, ataona tumemdanganya. Tena hadithi hiyo inaruka kipande kigumu, yaani zile saa zinazopita kitu kikiwa mkononi mwako na mwenyewe hajulikani.

Torati haikuziruka saa hizo. Kumbukumbu la Torati 22, aya tatu za kwanza, inataja ng'ombe, kondoo, punda, vazi na kitu chochote kilichopotea. Inasema kama mwenyewe yuko mbali au humfahamu, kipeleke nyumbani kwako kikae huko mpaka atakapokuja kukitafuta, ndipo umrudishie. Inakataza pia kujifanya hukuona na kupita zako. Nayo Walawi 6 inakwenda kwa mtu ambaye tayari ameharibu, aliyeokota kitu kilichopotea kisha akakisemea uongo. Huyo anarudisha chote, anaongeza juu yake sehemu moja ya tano, na anampa mwenyewe. Hesabu 5 inaongeza kwamba aungame alilolitenda. Hadithi yangu imesimama juu ya maandiko hayo matatu. Sasa waiteni watoto.

Anitha alikuwa darasa la nne. Kila siku baada ya shule alipandia daladala Mbagala Rangi Tatu kwenda nyumbani kwao Chamazi, yeye na rafiki yake Mwajuma. Mnakijua kituo kile jinsi kinavyokuwa jioni. Wapiga debe wanaita abiria, wauza maji wanapita na ndoo kichwani, na makonda wakiona sare za shule wanageuza uso, kwa sababu mwanafunzi analipa shilingi 200 tu. "Wanafunzi wawili, wametosha!" konda anasema, hata kama gari lina nafasi. Siku hiyo magari matatu yaliwaacha. Mwajuma akaenda kumtafuta kaka yake aliyekuwa akiuza soksi upande wa pili, Anitha akakaa kwenye ukingo wa saruji kusubiri.

Akaona kitu chini ya ukingo, karibu na mguu wake. Kilikuwa pochi ya kitenge, ya njano yenye maua ya bluu. Zipu yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo mwenyewe alikuwa ameizungushia mpira mwekundu, ile mipira ya kufungia pesa, mara mbili. Anitha akatazama kulia na kushoto. Hakuna aliyekuwa akitafuta kitu. Akautoa mpira.

Ndani mlikuwa na noti tano za elfu kumi, mbili za elfu tano na tatu za elfu moja. Kulikuwa na funguo mbili kwenye kamba, na kijitabu chenye jalada la kijani kilichopigwa mihuri midogo ukurasa baada ya ukurasa. Anitha hakukijua. Mama zenu wengi wangekijua mara moja, kwa kuwa ni kitabu cha hisa cha kikundi cha vikoba, na kila muhuri ni hisa moja iliyonunuliwa.

Watoto, hapa msimamishe hadithi mhesabu wenyewe. Ni shilingi ngapi? Ni 63,000. Mkishapata jibu, endeleeni.

Anitha hakuwaza kuiba. Nataka hilo lieleweke, maana wengi wetu hatuanzi kwa kuwaza kuiba. Alikuwa na njaa. Mama wa mihogo alikuwa palepale na karai lake, mihogo imekatwa na kupasuliwa katikati, inachuruzika mafuta kwenye gazeti, na bakuli la chachandu liko pembeni. Anitha aliwaza hivi: nitaipeleka nyumbani, mama atamtafuta mwenyewe, na mwenyewe atafurahi sana hata nikila kidogo hatajali. Akachukua noti moja ya elfu. Mihogo ya 500, juisi ya ukwaju ya 500. Alikuwa anajifuta chachandu mdomoni Mwajuma aliporudi.

"Umepata wapi hela?"

"Nilikuwa nayo," Anitha akasema. Kisha akamwonyesha pochi.

Mwajuma akaruka kusimama, akapaza sauti, "Jamani! Kuna pochi imeokotwa hapa! Ya nani?"

Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akaja haraka. "Ya dada yangu hiyo. Leteni."

Anitha alishanyoosha mkono ampe. Mwajuma akamshika. Ustadhi wake wa madrasa alikuwa amewafundisha kwamba anayeokota kitu kwanza akitazame vizuri, ajue mfuko wake ulivyo na kamba iliyoufunga, kisha akitangaze mwaka mzima. Atakayekuja kukidai aulizwe alama hizo. Mwajuma akaificha pochi nyuma yake akauliza, "Ya dada yako imefungwaje?"

"Kwa zipu, si pochi?"

"Ya rangi gani?"

"Nyeusi. Ile ya... nyeusi."

Mama wa mihogo akacheka kwa sauti, na kijana akaondoka akisema watoto wa siku hizi hawana adabu.

(Wazazi, hapo tulieni kidogo na wanenu. Mtoto akiokota kitu, mfundisheni kutangaza kwamba kuna kitu kimeokotwa na kunyamazia kinavyofanana. Ukitangaza "pochi ya njano yenye funguo mbili," umempa majibu kila mwongo aliyeko kituoni. Na mtoto asimfuate mtu anayedai kitu mpaka pembeni, wala asizipigie namba alizozikuta ndani akaenda kukutana na asiyemjua. Aje nacho kwa mtu mzima anayemwamini. Ni kweli kwamba ukisubiri kidogo pale ulipookotea, huenda mwenyewe akarudi mbio anahema, maana mtu aliyepoteza hurudia njia yake. Lakini giza likianza kuingia, mtoto aende nyumbani.)

Wasichana wale walisubiri magari mawili zaidi yakapita. Hakuna aliyekuja. Mwajuma akamwambia mama wa mihogo, "Akija mtu anatafuta pochi, mwambie iko kwa kina Anitha, Chamazi, jirani na msikiti." Kisha wakapanda.

Nyumbani, mama yake Anitha alifungua pochi mezani, akamwaga kila kitu juu ya kitambaa. Alikijua kitabu mara moja. Jalada lilikuwa na jina la kikundi, jina la mwanachama na mtaa wanakokutania. Ndani, kwenye ukurasa wa mwisho uliotumika, kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: marejesho 60,000, hisa 2,000, mfuko wa jamii 1,000. Na tarehe ya siku ile.

Mama akahesabu noti. Akahesabu tena.

"Sitini na mbili," akasema. "Hapa imepungua elfu moja. Anitha, ndivyo ulivyoikuta?"

"Ndivyo nilivyoikuta, mama."

Lilitoka jepesi kabisa, wala hakulipanga. Akadhani mambo yameisha, kwa sababu mama hakumtilia shaka. Lakini mama aliendelea kukitazama kile kikaratasi. "Elfu moja ya mfuko wa jamii," akasema polepole. "Ile wanayochanga kwa ajili ya mwenzao akiugua au akifiwa. Kumbe huyu dada alitaka kuwakwepa wenzake. Watu bwana! Marejesho analeta, hisa zake analeta, ya wagonjwa anaibana." Akatikisa kichwa, akazikunja noti.

Anitha akasikia tumbo linamkaza, na haikuwa mihogo. Hakuwa amelifikiria hili. Alidhani uongo wake utakaa palepale mezani, kati yake na mama. Sasa umekwenda kumkalia mwanamke asiyekuwepo, ambaye hajui hata kama pochi yake imeokotwa, na tayari amehukumiwa kwa noti iliyoliwa na mtu mwingine. Tena kesho mama angeweza kulisema hilo kwa jirani, na jirani akalisema kwenye kikundi.

Wapendwa, nilipoandika hadithi hii sikutaka Anitha aungame kwa kuogopa fimbo, wala kwa kuota ndoto mbaya usiku. Watoto hawaoti ndoto mbaya kwa sababu ya mihogo. Nilitaka aone mtu aliyeumizwa. Uongo juu ya kitu kilichookotwa daima una mtu anayeubeba: konda atasingiziwa, abiria aliyekaa jirani atasingiziwa, au mwenyewe ataitwa mzembe na mume wake. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulielewa hilo vizuri kuliko neno "dhambi" tukimtwisha likiwa peke yake.

"Mama," Anitha akasema, "ile elfu moja nilikula mihogo. Na juisi."

Mama hakupiga kelele. Akavuta kiti, akakaa, akamwambia aeleze tangu mwanzo, na Anitha akaeleza, pamoja na kile alichomwambia Mwajuma. Kisha mama akaenda chumbani, akarudi na Biblia, akamsomea ile sehemu ya Walawi. "Moja ya tano mmeshajifunza?" akauliza.

"Tumejifunza."

"Ya elfu moja ni ngapi?"

Anitha akaandika kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. "Mia mbili."

"Basi ndani ya pochi hii panatakiwa paongezwe shilingi ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

Mama akazitoa kwenye mkoba wake, noti ya elfu moja na sarafu ya mia mbili, akazitia. "Hizi nimekukopesha. Mwenye pochi hawezi kusubiri wewe upate hela. Kila siku nakupa 300 ya kula shuleni. Kuanzia kesho utabeba viazi vya kuchemsha kutoka hapa. Utamaliza deni lini?"

Watoto, fanyeni na hii. 1,200 gawanya kwa 300. Siku nne.

Asubuhi yake walikwenda wote wawili kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ule ulioandikwa kwenye jalada. Wangeweza pia kwenda kituo cha polisi, lakini kwa kuwa kitabu kilitaja mtaa, mama aliona ofisi ya mtaa ndiyo itakayomfikia mwenyewe mapema. Mtendaji alichukua daftari, akaandika tarehe, mahali pochi ilipookotwa, na kila kilichomo, noti kwa noti, funguo mbili, kitabu kimoja. Mama akasaini. Yule mtendaji alimfahamu mwenyekiti wa kikundi, akampigia, na haikupita saa nzima mwanamke mwenye kanga mbili akaingia anatembea haraka.

Mtendaji hakumwonyesha pochi. Alimwambia aieleze. "Ya kitenge, njano, maua ya bluu," akasema. "Zipu mbovu, nimeifunga na mpira mwekundu. Kuna funguo za mlango na za kabati." Alipokabidhiwa, alihesabu pesa mbele yao wote, taratibu, akilamba kidole. Anitha alimtazama mikono. Mwanamke akafika mwisho, akakunja uso, akainua ile sarafu.

"Hii mia mbili si yangu."

Mama alinyamaza. Mtendaji naye alinyamaza. Ikabidi Anitha aseme mwenyewe, mbele ya mtu asiyemjua, kwamba alichukua elfu moja, kwamba alimdanganya mama yake, na mia mbili ni nyongeza.

Yule mwanamke hakumkumbatia wala hakutoa elfu kumi. Alisema, "Jana nimelipishwa faini ya kuchelewesha marejesho. Na mlango nimevunja kitasa ili nilale ndani." Akakaa kimya kidogo. Kisha akaitia ile sarafu kwenye pochi pamoja na pesa nyingine, akazungusha mpira mara mbili, akasaini daftari. Mlangoni akageuka. "Ahsante mama Anitha," akasema. "Na wewe, Anitha. Ahsante kwa kusema."

Akaondoka, kwa kuwa alikuwa na fundi wa kitasa anayemsubiri.

Hapo ndipo hadithi inapoishia. Najua baadhi yenu walimu mtasema mwanamke huyu ni mkavu, watoto watasikitika. Waacheni wasikitike kidogo. Nimemfanya aipokee ile mia mbili makusudi. Kama angeirudisha kwa Anitha kwa tabasamu, ile moja ya tano ingegeuka mchezo, na mtoto angejifunza kwamba malipo ya kosa ni maigizo tu ambayo mwishoni unasamehewa. Katika Walawi mtu anarudisha na kuongeza kwa mwenyewe, na ni kwa mwenyewe kwa sababu ndiye aliyepata hasara: faini, kitasa, usiku wa wasiwasi. Mia mbili haikuvilipa hivyo vyote, na haidai kuvilipa. Sadaka ya kondoo dume iko katika sura hiyo hiyo, lakini imeandikwa baada ya mwenyewe kupata chake. Mtu asije madhabahuni kutoa shukrani kwa pesa ambayo mwenyewe bado anaitafuta kituoni.

Jumapili mtakapowasomea, natarajia swali moja, kwa sababu watoto huuliza hilo kila mara: "Na kama ni hela tupu, haina pochi, imeanguka tu njiani?" Msilikwepe. Noti haina jina, na hata sheria ya nchi inalitambua hilo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258, inaeleza kwamba aliyeokota kitu na kukitumia hahesabiwi mwizi ikiwa wakati ule hakumjua mwenyewe na alikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Watoto wenye akili watalishika neno "hawezi kupatikana" wakimbie nalo. Kwa hiyo waulizeni: iliangukia wapi? Noti ya elfu tano ndani ya darasa, au sebuleni kwa shangazi, au chini ya kiti cha mtu aliyeshuka sasa hivi, ina mwenyewe anayepatikana, na anayeitia mfukoni anajua hivyo. Sarafu ya mia barabarani penye watu elfu, uliyouliza waliosimama karibu na ukakosa jibu, hiyo ni nyingine. Hata hiyo, mtoto aiweke mezani nyumbani na aseme alikoipata, ili mtu mzima aamue pamoja naye.

Kwa darasa lenyewe, njooni na pochi yoyote kuukuu. Tieni vitu vitano, fungeni, mpeni mtoto mmoja awe mwokotaji na watatu wawe wadai, mmoja tu kati yao akiwa ameonyeshwa pochi kabla. Mwokotaji apate maswali matatu ya kumtambua mwenyewe bila kuionyesha. Mtaona jinsi inavyokuwa vigumu kuuliza bila kutoa jibu ndani ya swali; "je, ni ya njano?" ndilo swali watakaloanza nalo wengi. Rudieni nao mpaka waweze kuuliza "ni ya rangi gani?" Baada ya hapo wapeni hesabu ya moja ya tano ya 500, ya 2,000 na ya 5,000, na mwacheni kila mmoja aseme angeipata wapi hiyo nyongeza bila kumwomba baba.